Reli ya meno na gia yake ya kuprinti: moduli 1, 1.5 au 2?

fundi_paje
Assalaam aleykum. Natengeneza kisukumio cha kupeleka mche wa sabuni ya mwani kwenye waya wa kukatia. Mwendo sentimita 25, naprinti kwa PLA, nozeli 0.4. Gia nataka kipenyo cha pichi kiwe mm 24, ili mzunguko mmoja usogeze mm 75.4. Hapo napata njia tatu: moduli 1 meno 24, moduli 1.5 meno 16, au moduli 2 meno 12. Ipi bora? Na reli iwe na meno mangapi ili ilingane na gia?

kijana_fuoni
Moduli 1. Meno madogo huenda laini. Reli iwe na meno yanayogawanyika kwa 24, la sivyo hayatakutana.

gia_wete
Laini ndiyo, kwa chuma. Kwa moduli 1 ncha ya jino la reli ina mm 0.84, yaani mistari miwili tu ya nozeli yako. Sabuni ikigoma, jino linakwenda. Moduli 2 ni nene, ila gia ya meno 12 huliwa shinani, maana kwa pembe ya nyuzi 20 salama ni meno 17 kwenda juu. Utalazimika kuhamisha umbo la jino na kusogeza ekseli kama mm 0.6. Mimi ningechukua 1.5: meno 16 yanaliwa kidogo mno, huoni.

Kugawanyika hakuhitajiki. Meno ya reli ni urefu tu. Kinachopaswa kulingana ni moduli na pembe.

mama_geti
Samahani, geti langu la mota lina reli ya chuma moduli 4. Gia hii ya 1.5 itafaa?

gia_wete
Hapana dada, hayataumana kabisa. Na gia ya plastiki usiipe geti.

fundi_paje
Nimeelewa, 1.5. Meza ya printa ni mm 220, reli nitaitoa vipande viwili.

kijana_fuoni
Pichi andika 4.7, yatosha.

gia_wete
Haitoshi. Andika `pi*1.5`, ni 4.712. Kwa 4.7 meno yataumana, lakini mwisho wa sentimita 25 unapungukiwa zaidi ya nusu milimita, na vipande vya sabuni vitatofautiana na ulichopanga. Kila kipande kipe meno 32, mm 150.8, ukate katikati ya bonde, si juu ya jino. Ikiruka mahali pamoja tu, ni kiungo. Ikibana mwendo mzima, parua kingo za safu ya kwanza, kisha inua ekseli mm 0.1.

kijana_fuoni
Ila PLA kwenye joto la banda la bati? Mimi ningetumia PETG.

gia_wete
PETG inapinda zaidi, jino lina kazi hapa. Kivulini PLA inatosha.

kijana_fuoni
Banda la bati saa saba mchana si kivuli, sheikh.