Fundi amefunga ruta zetu zote kwenye chaneli 3, nami nikauziwa kifurushi kikubwa kisichosaidia

Mpangaji wa Ghorofa ya Nne

Wakuu, habari za jioni. Ninaandika nikiwa na hasira, lakini nitaeleza jambo hili tangu mwanzo ili mwingine anayeishi kwenye jengo la wapangaji wengi asitozwe fedha kama nilivyotozwa mimi.

Ninaishi Sinza, Dar es Salaam, katika jengo la ghorofa tano lenye familia ishirini. Kila ifikapo saa mbili usiku intaneti yangu hukwama kiasi kwamba hata kuzungumza na mama kwa video hakuwezekani, ilhali saa nne asubuhi hakuna tatizo lolote. Nilipowapigia kampuni ya intaneti, niliambiwa kwamba kifurushi cha megabiti 20 ni kidogo kwa familia yangu na kwamba nipande hadi 40. Nikalipa, na usiku uleule hali ikawa ileile.

Jumamosi saa mbili na nusu usiku nilichomeka kompyuta mpakato kwenye ruta kwa waya, nikapima kasi, nikapata megabiti 39. Nikachomoa waya, nikakaa hatua tatu kutoka kwenye ruta, nikapima kwa waifai, nikapata 3. Kisha nikaandika amri hii, ambayo huiuliza ruta yenyewe bila kutoka nje ya nyumba:

```
ping 192.168.1.1
```

Asubuhi majibu hurudi ndani ya milisekunde 2 au 3. Usiku ule yalirudi kwa 180, kwa 240, na katika maulizo ishirini, matano hayakujibiwa kabisa. Maana yake ni kwamba kikwazo kimo sebuleni mwangu, hewani, kati ya kompyuta na ruta, na hata ningelipia megabiti 100 nisingepata nafuu.

Nilipofungua ukurasa wa ruta nilikuta Channel 3, na chini yake Channel Width 40 MHz. Programu ya simu inayoonyesha mitandao iliyo karibu ilinihesabia mitandao 34, na kati yake ruta saba za kampuni hiyohiyo zimewekwa chaneli 3. Nilimuuliza fundi aliyezifunga, akanijibu kwa kujiamini kwamba watu wengi wako 1 na 6, hivyo katikati yao ni patupu. Patupu gani, ikiwa ametujaza saba mahali pamoja? Kwa nini tulipishwe kwa kosa la fundi wao? Naomba anayeelewa anieleze nihamie wapi.

Kaka wa Mbagala

Pole sana, dada. Kwa uzoefu wangu huo ni wizi wa waifai. Mimi vijana wa nyumba ya pili walikuwa wameipata nywila yangu, na kila usiku walikuwa wakipakua filamu. Badilisha nywila, uiweke ndefu, utaona mabadiliko.

Mpangaji wa Ghorofa ya Nne

Asante, kaka, lakini nimeangalia orodha ya vifaa vilivyounganishwa na vyote vinne ni vya nyumbani kwangu. Mgeni hakuna.

Mzee wa Minara

Mleta uzi, kipimo ulichofanya kwa waya na kwa ping ndicho hasa ambacho fundi wako alipaswa kukifanya kabla ya mtu yeyote kukuuzia kifurushi.

Kosa lake liko hapa. Katika gigahezi 2.4 namba za chaneli zimeachana kwa megahezi 5 tu, ilhali ruta ikizungumza huchukua upana wa megahezi 20 hivi. Aliyekaa 3 hayuko peke yake: bega moja linamgusa wa 1 na jingine linamgusa wa 6. Ndiyo maana tunatumia 1, 6 na 11, kwa kuwa hizo tatu hazigusani. Ruta mbili zilizo kwenye chaneli moja husikilizana, mmoja akizungumza mwingine husubiri zamu yake. Ni polepole, lakini kuna utaratibu. Aliyekaa pembeni kidogo hamwelewi mwenzake, anamsikia kama kelele, ujumbe unaharibika na kutumwa upya, na yale maulizo yako matano yasiyojibiwa huenda yalipotelea humo. Halafu kuongeza upana wa megahezi 40 juu ya hapo, katika jengo kama lenu, ni kuchukua karibu nusu ya nafasi yote kwa ajili ya nyumba moja. Rudisha 20 kwanza, kabla hata ya kugusa namba ya chaneli.

Sasa tupe hesabu ya 1, 6 na 11, pamoja na nguvu ya kila mtandao. Usitupe idadi peke yake.

Mpenda Kasi

Mnazunguka bure. Aweke 13, huko hakuna mtu, na kazi imekwisha.

Mzee wa Minara

Ni kweli kwamba huko watu ni wachache, ila 13 bado inamgusa wa 11, na simu zilizotengenezwa kwa soko la Marekani huishia 11, kwa hiyo mtandao wake hautaonekana kabisa kwenye simu hizo. Mgeni akija na simu ya namna hiyo, atadhani ruta imezimwa.

Mpangaji wa Ghorofa ya Nne

Hesabu ya jana usiku ni hii. Chaneli 6 ina mitandao kumi, na mitatu kati yake ina nguvu sana. Chaneli 1 ina tisa, lakini yote ni minyonge, kati ya -80 na -88. Chaneli 11 ina minne tu, ila mmoja ni wa jirani tunayetenganishwa na ukuta mmoja, una nguvu sana, unasoma -42, na televisheni yake haizimwi mpaka saa sita usiku. Iliyobaki minne, ukiondoa ruta zetu za chaneli 3, imetawanyika.

Nilihamia 11 kwanza kwa sababu ya uchache wao, na upana nikaurudisha 20. Saa mbili na nusu usiku ping ilirudi kwa 50 hadi 70. Leo nimehamia 1 licha ya wale tisa, na kwa saa ileile imerudi kwa 9 hadi 15, hakuna hata ulizo moja lililopotea, na waifai imepima megabiti 31.

Mzee wa Minara

Umeonyesha vizuri: wanyonge tisa walio mbali ni nafuu kuliko jirani mmoja mwenye nguvu anayezungumza usiku kucha. Kama ruta yako ina gigahezi 5, televisheni ihamishie huko, chaneli 36 au 44. Kuta za zege huyapunguza sana mawimbi hayo, kwa hiyo ya majirani hayatakufikia kwa wingi, ingawa na yako huenda yasifike chumba cha mwisho.

Mama Ushonaji

Mimi ruta yangu nimeiacha kwenye Auto, ijichagulie chaneli yenyewe, na miezi mingi ilikuwa sawa, lakini umeme ukikatika na kurudi mambo huharibika. Ni kwa nini?

Mzee wa Minara

Ruta nyingi huchagua chaneli zinapowaka tu. Umeme ukirudi, jengo zima linawaka kwa pamoja, kila moja inasikiliza wakati wenzake bado wako kimya, na nyingi zinaangukia mahali pamoja. Izime na kuiwasha tena saa mbili usiku, au uiwekee namba mwenyewe.

Mpangaji wa Ghorofa ya Nne

Wakuu, nimerudi baada ya siku tatu. Leo nimekuta ruta imejirudisha Channel 3, 40 MHz, na hakuna mtu aliyeigusa hapa nyumbani. Huduma kwa wateja wanasema mipangilio hutumwa kutoka kwao na hawawezi kuibadilisha kwa nyumba moja. Fedha ya kifurushi cha 40 nayo wamekataa kuirudisha. Kuna aliyefanikiwa kuizuia ruta isipokee mipangilio hiyo, au nifunge ruta yangu nyuma ya hii na kuizimia waifai yao?

Mzee wa Minara

Funga yako, ikiwa ukurasa wao unakuruhusu kuzima waifai. Ruta nyingine huiwasha tena zinapopokea mipangilio. Jaribu, utuambie.