Vitenzi vya maneno mawili vya Kiingereza: niache orodha ya A hadi Z nivipange kwa neno la mwisho?

kadi_na_kalamu

Wakuu, naomba ushauri. Nina orodha ya vitenzi vya Kiingereza vya maneno mawili, vile vya "give up", "call off", "run out", mia tatu na kitu, vimepangwa kwa alfabeti. Nakariri ishirini kwa siku. Nikifika herufi C, za B zimeshachanganyika: "break up", "break down", "break out" na "break off" vyote vinakuwa "kuvunja kitu fulani". Juzi nimeandika "fill up the form" nikakatwa alama, na sikuelewa kosa ni nini.

Nimeambiwa nivipange kwa kijineno cha nyuma, yaani "up" zote pamoja, "off" zote pamoja. Nataka kujua inafanywaje hasa. Ngapi kwa siku? Na "up" zenyewe si zitakuwa mia?

Mshale

Mkuu, mbona rahisi. "Up" ni juu, "down" ni chini, "out" ni nje, "off" ni kutoka. Shika picha hizo nne tu, kila kitenzi utakachokutana nacho utakikisia maana. Orodha choma moto.

Bibi Sarufi

Mshale, picha ya juu na chini inafaa kuanzia, ila haifiki mbali. "Eat up the food" haina kitu kinachopanda. "Slow up" na "slow down" vyote ni kupunguza mwendo, na hapo juu na chini vimekutana. Akiishia kwenye picha hiyo atakwama wiki ya kwanza.

Kadi_na_kalamu, anzia kwenye Kiswahili chako mwenyewe. Angalia haya: tupilia mbali, futilia mbali, ulia mbali, potelea mbali. Aliyefutilia mbali mkataba hakuupeleka popote. Neno "mbali" limeacha kuwa mahali, limekuwa muhuri wa kwamba jambo limefika mwisho wake. Hukukariri hayo manne kwa alfabeti. Ulisikia kazi ya "mbali" ukaielewa, na ukikutana na la tano hutafungua kamusi. Vijineno vya Kiingereza hufanya hivyohivyo, ila kila kimoja kina kazi mbili, tatu au zaidi. Kwa hiyo usipange "up zote pamoja". Mia moja za "up" katika rundo moja ni orodha ileile iliyobadilishwa jina. Panga kwa kijineno *na kazi yake*.

Chukua kazi moja ya "up": kumaliza mpaka pasibaki kitu. Humo wamo "use up", "eat up", "drink up", "burn up" na "dry up". Jirani yake kuna kuvunja kitu chote vipande vipande: "tear up", "cut up", "chop up". Na kuna kufunga pote: "wrap up", "button up", "seal up". Ni vifungu vitatu vya wazo moja la ukamilifu.

Kipimo changu ni "-ote". Tafsiri sentensi kwa Kiswahili, kisha jaribu kuweka "-ote" kwenye kile kinachotendwa. "She tore up the letter": aliichana barua yote. Inakaa. "Dry up" haina mtendwa, basi weka kwenye kinachokauka: kisima kimekauka chote. Inakaa. "Wake up": kuamka kwote? Haikai, kitoe. "Turn up the volume": sauti yote? Hapana, hapo sauti imeongezwa tu, nayo ni kazi nyingine ya "up" pamoja na "speed up" na "heat up".

Kipimo hichohicho kinakuonyesha kosa ambalo orodha haikuonyeshi. Kwa kuwa "up" hii inataka kitu chenye mwisho, "he drank up the milk" ni sawa, lakini "he drank up milk" inasikika kombo, maana hayo ni maziwa gani yaliyoisha? Vilevile "he ate up the rice for an hour" haikai, ila "in an hour" inakaa. Aliyemaliza kitu hakuwa anakimaliza tu bila kikomo.

mwanga_wa_taa

Samahani kuingilia, mimi nina mtihani wiki ijayo na "look after", "look for" na "look at" ndizo zinazonisumbua. Niziweke rundo gani, kwenye "after" au kwenye "look"?

Bibi Sarufi

Mwanangu, hizo ni za ukoo mwingine, usizichanganye na hizi. Kipimo ni kiwakilishi. "Use up the ink" ukiweka "it", lazima ikae katikati: "use it up". "Use up it" ni kosa. Sasa "look after the child": unasema "look after him", huwezi kusema "look him after". Pale neno dogo halitoki kwenye nafasi yake. Hizo za "look" ni chache, na kwa mtihani wa wiki ijayo zikariri na sentensi zake tu.

Kijito

Mimi nitapinga kidogo. Maneno yenye maana zinazokaribiana yakifundishwa siku moja huchanganyikana kichwani, na tafiti za kujifunza msamiati zimeonyesha hivyo mara kadhaa. Ukimpa mtu "burn up", "burn down" na "burn out" kwa pamoja, kesho atakumbuka vitatu vipo ila hajui kipi ni kipi. Sasa rundo la "use up, eat up, drink up" lina tofauti gani na hatari hiyo?

Bibi Sarufi

Hoja nzuri, na ndiyo sababu napinga kupanga kwa kitenzi. Kwenye "burn" tatu, kinachobadilika ni kijineno, yaani kile ambacho mwanafunzi bado hakijui. Kwenye "use up, eat up, drink up" kijineno kimetulia na kinachobadilika ni kitenzi ambacho tayari anakijua. "Eat" na "drink" hazitamchanganya. Hatari unayoisema inarudi pale anapoanza kijineno cha pili chenye kazi inayofanana, hasa "up" ya kumaliza na "out" ya kuisha. Hapo lazima zitenganishwe kwa siku kadhaa.

Kijito

Siku kadhaa ni ngapi? Kwa uzoefu wangu wa kufundisha, wiki nzima.

Bibi Sarufi

Mimi naona siku nne zinatosha kama katikati kuna zoezi la kuandika. Wiki haidhuru.

Daftari Jekundu

Naongeza upande wa kazi yenyewe, maana aliuliza inafanywaje.

Vitenzi sita kwa rundo, rundo moja kwa siku tatu. Siku ya kwanza soma sentensi sita na ufanye kipimo cha "-ote". Siku ya pili kadi. Siku ya tatu andika sentensi zako sita bila kutazama. Siku ya nne changanya kadi hizo na za rundo la kabla. Usiruke siku hiyo, kwa sababu ukiwa ndani ya rundo moja jibu ni "up" kila mara na mkono unajiandikia wenyewe. Ukipata sita kwa sita siku ya tatu halafu mbili kwa sita kwenye mchanganyiko, ulikuwa unajua jina la rundo, vitenzi hukuvijua.

Kadi isiandikwe neno peke yake. Mbele weka: "Wino tumeumaliza wote. We have ____ the ink ____." Nyuma: "used / up", na chini yake "We have used it up". Pengo likiwa pande mbili za mtendwa, mpangilio wa maneno unaingia bila kukaririwa.

Ukifika rundo la "out" ya kuisha, "run out" iweke uso kwa uso na "use up" kwa wino uleule:

Tumemaliza wino: "We have used up the ink."
Wino umeisha: "The ink has run out."
Tumeishiwa na wino: "We have run out of ink."

Kiswahili kinabadilisha kitenzi kulingana na nani ametangulia, na Kiingereza kinafanya vivyo hivyo. Makosa mengi ni "we have run out the ink", yaani "of" imeachwa. Ukikumbuka kwamba "run out" ni kuisha, wala si kumaliza, utaona kwa nini haiwezi kushika wino moja kwa moja.

Na usiogope wingi. Gardner na Davies mwaka 2007 walihesabu kwenye mkusanyo mkubwa wa maandiko, British National Corpus, wakakuta vitenzi 20 vikiungana na vijineno 8 vinabeba zaidi kidogo ya nusu ya matumizi yote ya vitenzi hivi. Anza na "up", "out", "off", "down" na "on". Mengine yasubiri.

kadi_na_kalamu

Asanteni sana. Nimejaribu "up" ya kumaliza: use, eat, drink, burn, fill, give. "Give up" nimeiweka kwa sababu mtu amemaliza kujaribu. Sahihi? Na ile fomu yangu je?

Bibi Sarufi

Tano ni zake. "Give up" itoe. Kipimo cha "-ote" kinaigomea: "she gave up smoking" si kwamba alivuta sigara zote. Kuna wanaoieleza kwa njia ndefu ya kusalimisha kitu, lakini maelezo yakiwa marefu kuliko neno lenyewe, likariri neno. Tenga kurasa mbili za mayatima mwishoni mwa daftari: "give up", "throw up", "make up" ya kutunga uongo. Kulazimisha yatima kwenye rundo kunaharibu rundo zima, kwa sababu utaanza kutilia shaka hata zilizo wazi.

"Burn up" iandikie mfano wa karatasi, isiwe nyumba. Karatasi ikiungua haibaki: "burn up". Nyumba inaungua ikaanguka chini: "burn down". Moto wenyewe ukizimika kwa kukosa kuni: "burn out".

Fomu sasa. Tangi ni "fill up", kwa sababu linajaa mpaka juu na halichukui tena. Fomu haijai hivyo, ina nafasi tupu ndani yake na wewe unaweka maneno humo: "fill in". Wamarekani hupenda zaidi "fill out" kwa fomu nzima. Ukiandika jina peke yake kwenye nafasi yake, ni "fill in your name".

Mshale

Basi "grow up" nayo ni ukamilifu? Mtoto amekua mpaka mwisho. Au ni ile picha yangu ya juu?

Daftari Jekundu

Mimi naiweka kwenye ukamilifu, maana "grow" peke yake haisemi kwamba amefika utu uzima.

Kijito

Mimi naiweka kwa Mshale. Mtoto anarefuka kwenda juu, na mwanafunzi anaikumbuka kwa picha hiyo tangu siku ya kwanza.