Kioo halisi, cha kopi au kilichokarabatiwa: nichague kipi, na nitakitambuaje?

Nuru_Asubuhi:
Ndugu zangu, simu yangu ya OLED, ambayo kisomaji chake cha alama ya kidole kiko chini ya kioo, ilianguka na sasa nusu ya kioo ni nyeusi. Fundi amenipa machaguo matatu: kioo halisi kipya, kioo cha kopi, na kioo halisi kilichokarabatiwa. Anashauri pia nibadilishe betri, kwa kuwa simu itakuwa imeshafunguliwa. Naomba kujua tofauti zake, na namna ya kuhakikisha kabla sijalipa.

Jembe_Kali:
Chukua kopi, kwani siku hizi hazina tofauti kubwa. Ukitaka uhakika, simu yenyewe itakuambia: kwenye aifoni fungua Settings > General > About, na ukikuta "Unknown Part", basi kipuri ni feki.

FundiKimya:
Ndugu Jembe_Kali, hapo umepatia nusu. Ujumbe huo unaonyesha kwamba simu haikukitambua kipuri, na kwa miaka mingi umetokea hata kwa kioo halisi kilichotolewa kwenye aifoni nyingine. Kwa hiyo ni sababu ya kuuliza maswali, lakini hautoshi kuwa hukumu.

Dada Nuru, jambo la kwanza kwako ni kujua kopi hiyo ni ya aina gani, kwa sababu kopi nyingi za bei ya chini si OLED bali ni LCD. Katika OLED kila nukta hutoa mwanga wake, na nukta nyeusi huwa imezimika kabisa, ilhali LCD ina taa ya nyuma inayowaka muda wote. Weka picha nyeusi tupu, ongeza mwangaza hadi mwisho, kisha itazame gizani: LCD itaonyesha ukungu wa kijivu, hasa pembezoni. Isitoshe, kama kisomaji chako ni kile kinachotumia mwanga, hakitafanya kazi chini ya LCD, kwa kuwa taa ya nyuma inakizuia kuuona mwanga unaorudi kutoka kwenye kidole. Zipo pia kopi za OLED, na hizo zitafaulu jaribio la weusi. Kwa hizo, linganisha upana wa ukingo wa chini na mwangaza wake juani na simu nyingine ya aina hiyohiyo.

Bi_Rukia:
Mimi niliwekewa kopi, na tangu siku hiyo chaji haikufika jioni. Nilibadilisha betri mara mbili, na ya pili iliandikwa uwezo mkubwa kuliko ile ya awali, lakini hali haikubadilika. Je, nilidanganywa kwenye betri au kwenye kioo?

FundiKimya:
Bi Rukia, huenda ni kote kuwili. Taa ya nyuma ya LCD hutumia umeme hata pale simu inapoonyesha weusi, kwa hiyo betri nzuri nayo itaonekana mbovu.

Kuhusu betri, maandishi ya juu yake huchapishwa na yeyote. Betri yenye umbo lilelile haiwezi kubeba nusu zaidi ya ile halisi. Tumia kipima umeme cha USB: simu ikiwa imeisha chaji, izime, ichaji hadi ijae, kisha usome Wh zilizoingia. Betri ya 4000 mAh yenye volti 3.85 hubeba Wh 15.4, na kwa kuwa umeme fulani hupotea kama joto, kipimo kinapaswa kuzidi hapo. Kikisoma 10, maandishi yale ni ya uongo. Asilimia ya afya inayoonyeshwa na simu usiitegemee peke yake, maana kuna wanaofuta kumbukumbu ya betri kuukuu ili isomeke 100.

Mkoba_Mweusi:
Kwa nini msiweke protekta ngumu tangu mwanzo? Yangu imezuia mianguko mitatu.

Nuru_Asubuhi:
Asante, ndugu, lakini kioo changu kimeshavunjika. FundiKimya, vipi kile kilichokarabatiwa?

FundiKimya:
Hicho huwa ni paneli halisi iliyobadilishwa kioo cha juu tu, nami ningekichagua kabla ya kopi yoyote. Weka picha ya kijivu tupu na utafute vivuli vya alama za zamani, kisha kagua vumbi na mapovu kwenye kingo.

Jembe_Kali:
Mimi nimeona viwili vikianza kubanduka baada ya miezi michache.

FundiKimya:
Hilo hutokea, na ubora wa gundi hauonekani siku ya kwanza. Kwa hiyo dai dhamana ya maandishi. Majaribio ya weusi na ya kijivu yafanywe kioo kikiwa kimeunganishwa kwa utepe wake tu, kabla ya gundi kupakwa. Kidole nacho kijaribiwe baada ya kufungwa, kabla hujalipa.

Nuru_Asubuhi:
Kesho nitamwomba afanye hivyo mbele yangu. Akikataa kuunganisha kabla ya gundi, nitaichukua simu yangu.