Tupeane uzoefu: mliofanya kazi na mainfluensa wadogo, mauzo mlipimaje?

Naanza mimi. Nauza mikoba. Nilimpa dada mmoja mwenye wafuasi kama 3,000 mikoba 2 bure tukakubaliana video 1 na stori 3, na video asiifute siku 30, yote nikaandika inboksi kabla sijatuma mzigo. Nikampa neno lake la punguzo la asilimia 10. Wiki ikaisha neno limetumika mara 4 tu, nikasema nimeliwa.

Ila oda zote wiki ile zilikuwa 13 na kawaida yangu ni 4 au 5. Nikawafuata wale 9 mmoja mmoja, "samahani umetujulia wapi?" Watano wakasema kwa yule dada, neno walisahau au hawakuona pa kulijaza 😅 Sasa piga hesabu: mkoba nikiuuza 100 mtaji ni 60, kwa hiyo zawadi ilinila 120. Wa punguzo 4 wameniachia 30 kila mmoja, hela ya zawadi imerudi. Wale 5 wa bei kamili, 200, ndo faida. Ningeangalia neno tu ningeona nimetoka sare.

Mzee wa Viatu: We angalia laiki na komenti, hazidanganyi.

Mama Mafuta: Zinadanganya sana ndugu yangu. Mi nililipa taslimu mwenye wafuasi mara kumi ya huyo, laiki 2,000 na ushee, oda 2. Nikaja kuzisoma komenti, ni mainfluensa wenzake wanapeana "umependeza". Siku hizi naomba skrinshoti ya waliobonyeza linki, na nalipa nusu kabla nusu baada ya posti.

Binti Kamera: Mi niko upande wa pili, mnatupa sabuni moja mnataka video tatu. Nikirekodi, nikaedit, siku imeisha. Sabuni hailipi bando.

Mleta uzi: Uko sahihi, ndo maana nilimwuliza kwanza anataka mkoba au hela. Angesema hela ningempa.

Kaka Saa: Mi natoa kamisheni tu, asiyeuza halipwi. Tatizo neno lilivuja kwenye grupu la madili, usiku mmoja oda 15, nikafurahi kweli, kucheki majina 11 ni wateja wangu wa zamani! Nimewapa punguzo bure na kamisheni juu. Sa hivi neno linakubali mteja mpya tu, na kamisheni natoa muda wa kurudisha bidhaa ukipita.

Mama Mafuta: Na anayeona video leo akanunua baada ya miezi miwili unamhesabu wapi?

Kaka Saa: Hapo sijapata jibu. Neno langu linakufa siku ya 30, najua namdhulumu kidogo.

Binti Kamera: Kidogo?? 😂