Tupeane uzoefu: kuhamisha tovuti kwenye seva mpya bila wageni kuikuta imezimika

Mrina wa Isevya, Tabora

Ndugu zangu, habari za leo. Ninatunza tovuti ya kikundi cha wauza asali hapa Tabora, ambayo wanunuzi wa mikoani huitumia kuweka oda za ndoo na madumu. Nimekwisha kuihamisha mara mbili kutoka kampuni moja ya kuhifadhi tovuti kwenda nyingine. Mara ya kwanza nilipoteza imani ya wanunuzi kadhaa, na mara ya pili hakuna aliyejua kwamba tumehama. Mara zote mbili nilipunguza TTL, yaani muda ambao seva za wengine huruhusiwa kukariri jibu, ya rekodi A, ile inayoelekeza jina la tovuti kwenye anwani ya IP ya seva, na kilichotofautiana ni muda nilioacha upite kati ya kuipunguza na kuhama.

Mara ya kwanza rekodi yetu ilikuwa na TTL ya 86400, ambazo ni sekunde za siku nzima. Saa mbili usiku niliishusha hadi 300, na saa tatu nikabadilisha anwani ya IP, nikiamini kwamba baada ya dakika tano kila mtu angefika kwenye seva mpya. Lakini seva ya majina ya mtoa huduma wa intaneti iliyochukua jibu letu saa moja jioni ililichukua likiwa bado na ruhusa ya kukaa siku nzima, na haikuwa na sababu ya kurudi kuuliza kabla ya saa moja jioni ya kesho yake. Ile 300 niliyoiandika haikuifikia kamwe. Kwa siku nzima wanunuzi wengine waliona tovuti mpya na wengine ya zamani, na oda 9 zikaandikwa kwenye hifadhidata ya zamani ambayo hakuna aliyekuwa akiiangalia. Tulizigundua siku ya tatu, pale mnunuzi aliyekwisha kulipia ndoo mbili alipopiga simu kuuliza kwa nini kikundi kizima kiko kimya.

Mara ya pili nilishusha TTL siku ya Alhamisi saa mbili usiku na kupanga kuhama Jumamosi saa nne usiku. Nilihesabu hivi: jibu la mwisho lenye 86400 liliweza kuchukuliwa na mtu dakika chache kabla ya saa mbili usiku wa Alhamisi, kwa hiyo Ijumaa saa mbili usiku lingekuwa limekwisha kila mahali, na siku iliyobaki ilikuwa akiba yangu. Ijumaa mchana niliuliza kupitia intaneti ya ofisini, nikapata hivi (jina na anwani nimebadilisha):

```
$ dig +noall +answer example.com A
example.com.   19842   IN   A   192.0.2.10
```

Nambari hiyo ya 19842 ni sekunde zilizosalia, kama saa tano na nusu, na kila nilipouliza tena ilikuwa imepungua. Hapo nilielewa kwamba mtandao wetu wenyewe ulikuwa ungali na jibu la zamani. Jumamosi asubuhi nambari haikuzidi 300 tena, nami nikatulia.

Jumamosi mafaili yalikuwa yamekwisha kunakiliwa, nami nilikuwa nimeijaribu seva mpya kwa kuandika anwani yake kwenye faili la `hosts` la kompyuta yangu, ili mimi peke yangu niione tovuti ikiwa kule. Saa nne usiku nilifunga fomu ya oda tu kwenye seva ya zamani na kuacha kurasa nyingine zisomeke, nikachukua nakala ya mwisho ya hifadhidata, nikaipandisha kwenye seva mpya, nikabadilisha rekodi A. Fomu ilifungwa dakika 11 kwa waliofika kwenye seva mpya. Kwenye seva ya zamani niliiacha imefungwa moja kwa moja, ikiwa na ujumbe wa kumwomba mnunuzi arudi baada ya dakika chache.

Naomba wengine waeleze walivyofanya, hasa wenye tovuti zinazopokea maandishi ya wageni, kwa sababu hapo ndipo penye maumivu.

Kijana wa Ipuli

Kaka Mrina, asante sana. Mimi pia nilishusha TTL, na nilihakikisha kabla ya kuhama. Niliuliza seva ya majina ya kampuni yenyewe kwa `dig example.com A @ns1.example.net`, ikanijibu 300 papo hapo, nikahama baada ya nusu saa. Hata hivyo wateja wa duka letu la vipuri walilalamika hadi usiku wa manane. Nilihitimisha kwamba mitandao ya simu haiheshimu TTL. Safari ijayo nitaweka 0 ili asiwepo wa kukariri jibu lolote.

Fundi wa Mwanga, Kigoma

Kijana wa Ipuli, ulifanya vyema kuhakikisha, ila ulimuuliza asiyekuwa na tatizo. Seva ya majina inayomiliki rekodi hujibu kila mara kwa nambari kamili uliyoandika, kwa kuwa yenyewe haikariri chochote. Wateja wako hawaiulizi hiyo; wanaiuliza seva ya mtoa huduma wao, ambayo ilikuwa na jibu la zamani. Ndiyo maana Mrina aliona nambari inayoshuka na wewe ukaona 300 isiyotikisika. Nikikisia, TTL yako ya awali ilikuwa 14400, ambayo paneli ya cPanel huiweka yenyewe usipoigusa. Hizo ni saa nne. Ukihama saa mbili usiku, malalamiko ya usiku wa manane yanaelezeka bila kuilaumu mitandao ya simu.

Kuhusu 0, sikushauri. Paneli nyingine hukataa nambari ndogo kiasi hicho, na baadhi ya seva za majina huwa na kiwango chao cha chini wasichokivuka hata ukiandika 0. Kati ya 60 na 300 panatosha.

Kumuuliza mmiliki wa rekodi kuna faida yake pia, lakini ni siku ile ya kushusha. Kikoa huwa na seva za majina mbili au zaidi, na niliwahi kukuta moja imepokea badiliko na nyenzake imebaki na rekodi ya zamani kwa saa kadhaa. Hesabu ya Mrina ya saa 24 inapaswa kuanza pale seva zote zinapotoa nambari mpya.

Kwa upande wa maandishi ya wageni, mimi sifungi fomu upande wa zamani. Nikishabadilisha rekodi, naigeuza seva ya zamani iwe mpitishaji: kila anayeifikia anapelekwa kimyakimya kwenye seva mpya, na hifadhidata inabaki moja. Kwenye nginx ninaandika hivi:

```
location / {
    proxy_pass https://203.0.113.25;
    proxy_set_header Host example.com;
    proxy_ssl_server_name on;
    proxy_ssl_name example.com;
}
```

Kwa njia hiyo hata anayebaki na jibu la zamani kwa siku mbili anaandika mahali sahihi. Sharti lake ni kwamba uwe na mamlaka juu ya seva ya zamani. Kwenye vifurushi vya bei nafuu ambavyo seva moja inagawanywa kwa tovuti nyingi, kwa kawaida huruhusiwi kugusa mipangilio hiyo, na hapo njia ya Mrina ndiyo iliyobaki.

Cheti cha usalama nacho kitangulie. Let's Encrypt kwa njia yake ya kawaida huifuata tovuti kwa jina lake, na kabla hujabadilisha rekodi jina hilo linaelekea kwa mwenyeji wa zamani, kwa hiyo seva mpya haitapewa cheti. Mimi hunakili cheti na ufunguo wake kutoka seva ya zamani, kisha naomba kipya baada ya kuhama.

Mama Mawese, Ujiji

Wanangu, hamjambo. Mimi tovuti yangu ya mawese na sabuni inafunguka polepole sana, hasa jioni. Nikiweka hiyo 300 itafunguka haraka zaidi?

Fundi wa Mwanga, Kigoma

Shikamoo mama. Hapana, haitasaidia, na inaweza hata kuongeza kungoja kidogo, kwa sababu simu za wateja wako zitalazimika kuuliza anwani mara nyingi zaidi. TTL inahusu muda wa kukumbuka anwani tu. Uzito wa kurasa, hasa picha, ndio wa kuangaliwa kwanza. Nitumie jina la tovuti pembeni nikutazamie.

Mwalimu wa Gungu, Kigoma

Sisi shuleni tulifuata utaratibu huu wote wa TTL na bado tulikwama siku nzima, na naomba wengine wasirudie. Hatukubadilisha rekodi A peke yake. Kampuni mpya ilitutaka tubadilishe seva za majina zenyewe, yaani rekodi za NS, na hizo zina TTL yake ambayo huandikwa ngazi ya juu, kwa msajili mkuu, ambako mwenye tovuti hana mkono. Kwa vikoa vya .com ni 172800, siku mbili. Zile 300 zetu hazikuwa na uwezo wowote juu yake.

Kilichotuokoa ni shauri la rafiki: turudi kwenye paneli ya zamani na kuandika anwani ya IP mpya hata huko. Aliyeuliza seva za majina za zamani alipewa anwani mpya, na aliyeuliza mpya alipewa ileile. Laiti tungefanya hivyo kabla ya kubadilisha NS. Jambo jingine ni barua pepe. Rekodi yetu ya MX ilielekea kwenye jina la tovuti lenyewe, kwa hiyo tulipohamisha tovuti tukazihamisha na barua, kwenda kwenye seva ambayo haikuwa na visanduku vyetu. Za wazazi wawili zilirudishwa kwao.

Kijana wa Ipuli

Nimekagua nakala ya paneli yangu ya zamani, na kweli ilikuwa 14400. Asante, Fundi. Swali moja: mkishahama, mnairudisha TTL juu, au mnaiacha 300 daima? Mwenzangu huiacha, akisema siku seva ikifa atahama ndani ya dakika tano.

Mrina wa Isevya, Tabora

Mimi niliirudisha 14400 baada ya wiki, nilipoona logi ya seva ya zamani imebaki na roboti tu. Lakini hoja ya mwenzako ina uzito, na mwenyekiti wetu angeikubali. Kuna jambo bado linanisumbua: hadi Jumapili saa sita mchana, saa 14 baada ya kuhama, kwenye logi hiyo walionekana wageni watatu halisi wakifungua kurasa za bei kwa simu. Kikoa chetu hakina rekodi ya AAAA, kwa hiyo si ile ya IPv6 iliyosahaulika. Nadhani ni simu zilizoacha kivinjari wazi tangu jana yake, ila sina ushahidi. Fundi, wewe uliwahi kuliona hilo?

Fundi wa Mwanga, Kigoma

Nimeliona, na mara moja ilikuwa programu ya simu iliyoandikwa anwani ya IP badala ya jina. Mara nyingine sikupata jibu. Ndiyo sababu seva ya zamani naiacha iwake siku saba, hata kama nalipia mbili kwa wakati mmoja.