Kaka yangu anatumia ARV zenye ritonaviri na amepangiwa kipimo cha kamera: je, midazolamu ni salama kwake?

Binti Salehe

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Naomba ushauri juu ya jambo ambalo siwezi kumuuliza jirani.

Kaka yangu ana umri wa miaka 52 na yuko kwenye dawa za mstari wa pili. Kila siku anameza atazanaviri miligramu 300 pamoja na ritonaviri miligramu 100, na ARV nyingine mbili. Mwezi uliopita alianza kuumwa wakati wa kumeza, mdomo ukawa na utando mweupe, akapewa flukonazoli miligramu 200 kwa siku 14. Utando umeondoka, lakini chakula bado kinamkwama kifuani, na kwa sababu hiyo daktari ameagiza kipimo cha kamera ya umio na tumbo Alhamisi ijayo. Kidonge cha mwisho cha flukonazoli atakimeza Jumanne.

Kinachonitia hofu ni kilichotokea miaka miwili iliyopita, alipofanyiwa kipimo kama hicho mahali pengine akiwa tayari anatumia dawa hizohizo. Alichomwa dawa ya usingizi, midazolamu, miligramu 2.5, na dakika chache baadaye, alipoonekana bado macho, akaongezwa 2.5 nyingine. Baada ya saa mbili alikuwa anajibu maswali, tukaruhusiwa kuondoka. Alilala ndani ya bajaji kabla hatujavuka barabara kuu, na nyumbani akalala hadi asubuhi, akikoroma kwa namna ya kunyamaza katikati, hata nikakaa macho usiku kucha nikimsukuma bega ili avute pumzi. Kesho yake hakukumbuka hata nani alimvisha viatu.

Siku ile aliulizwa kama ana presha au sukari akajibu hana, na kuhusu dawa nyingine hakusema neno. Je, ARV ndizo zilizosababisha? Na mara hii tufanye nini?

Fundi Kombo

Pole sana, dada. Mimi pia dawa hizi zilinisumbua usingizi, nikawa naota ndoto za kutisha na kuamka kizunguzungu. Niliposhauriwa kumeza usiku badala ya asubuhi hali ilitulia. Mwambie kaka abadilishe saa ya kumeza.

Muuguzi wa Zamu

Fundi Kombo, swali halihusu ndoto, na dawa iliyokusumbua huenda ni efavirenzi, ambayo kaka yake Binti Salehe haitumii.

Dada, nimefanya kazi kwenye chumba cha kamera kwa miaka kadhaa, kwa hiyo nikutoe hofu kidogo. Katazo kali linahusu midazolamu ya kumeza. Ya sindano haipiti tumboni, kwa hiyo haikutani na tatizo hilo, nasi tumewachoma wagonjwa wengi wanaotumia ARV bila kuona shida yoyote. Kama bado mna wasiwasi, aache ritonaviri siku mbili kabla ya kipimo, kisha aendelee nayo baadaye.

Mfamasia wa Tanga

Naomba nimjibu dada kwa urefu, kwa sababu jibu la ndugu yangu muuguzi ni sahihi kwa nusu moja, na nusu ya pili inaweza kuleta madhara.

Midazolamu huvunjwa na kimeng'enya kimoja kiitwacho CYP3A4, ambacho kimo kwenye ukuta wa utumbo na kwenye ini. Mtu akiimeza, zaidi ya nusu yake huvunjwa njiani kabla haijaingia kwenye damu. Ritonaviri imewekwa kwenye dawa za kaka yako kwa makusudi ya kukizuia kimeng'enya hicho, ili atazanaviri isivunjwe haraka na mgonjwa aweze kuimeza mara moja tu kwa siku. Miligramu 100 hizo haziui virusi kwa maana yoyote ya kutegemewa. Kazi yake ni kulinda mlango. Tatizo ni kwamba mlango huo ndio midazolamu inaoutumia kutoka mwilini, na ritonaviri haichagui nani wa kuzuiwa.

Kwa hiyo muuguzi ana haki katika hili: mgonjwa akimeza midazolamu, dawa nyingi zaidi huingia na wakati huohuo hutoka polepole, ndiyo maana ya kumeza imekatazwa kabisa. Maelezo ya lopinaviri yenye ritonaviri yanataja kwamba jumla ya midazolamu inayopita kwenye damu huongezeka takriban mara 13 ikimezwa, na mara 4 ikichomwa. Lakini mara 4 si sifuri. Sindano imekwepa utumbo, haijakwepa ini.

Ongezeko la sindano pia lina sura inayodanganya. Kilele cha dozi ya kwanza hakipandi sana, kwa sababu dawa husambaa haraka kutoka kwenye damu kwenda kwenye mafuta na viungo vingine. Kinachoharibika ni kushuka kwake. Dawa ambayo kwa mtu wa kawaida hupungua kwa nusu ndani ya saa mbili au tatu, kwa mtu wa namna hii huendelea kukaa saa nyingi sana. Ndiyo maana muuguzi wa chumba cha kamera anaweza kuwaona wagonjwa mia na asione tatizo hata moja: wakati linapojitokeza, mgonjwa yuko ndani ya bajaji.

Sasa tazama kisa cha kaka yako. Dozi ya kwanza ilifanya kazi yake, ya pili ikapanda juu ya ya kwanza ambayo haikuwa imeondoka, na msisimko wa kuwekewa kamera kooni ulipoisha, usingizi ukamshinda. Sikuwepo, siwezi kuapa, na mtu anayekoroma na kukata pumzi huenda ana tatizo hilo hata bila dawa. Lakini ulichosimulia kinafanana mno na mwingiliano huu.

Mara hii kuna flukonazoli juu yake. Nayo hukizuia kimeng'enya kilekile, si kwa ukali wa ritonaviri, na huchukua takriban saa 30 kupungua kwa nusu. Akimeza cha mwisho Jumanne, Alhamisi bado anayo ya kutosha. Hatuzidishi mara 4 kwa mara nyingine, maana mlango uliokwisha kufungwa haufungwi mara mbili, lakini ule upenyo mdogo uliobaki unazidi kuwa mwembamba.

Kuhusu kuacha ritonaviri siku mbili: tafadhali asithubutu. Kimeng'enya kilichoharibiwa na ritonaviri hakirudi siku hiyohiyo, mwili lazima utengeneze kingine, na hilo huchukua siku kadhaa. Wakati huo atazanaviri inabaki bila mlinzi na virusi vinapata nafasi ya kuwa sugu, kwa mtu ambaye tayari yuko mstari wa pili. Atapoteza kinga asipate usalama.

Shemeji wa Minesota

Nimesoma nikakumbuka yangu, ingawa mimi sina VVU. Huku Marekani nilikuwa namwogopa daktari wa meno kupita kiasi, akaniandikia dawa ya usingizi, triazolamu, miligramu 0.25 nimeze saa moja kabla ya kung'olewa jino. Duka la dawa likakataa kunipa. Kumbe mwezi ule nilikuwa nameza itrakonazoli kwa ajili ya fangasi ya kucha, dawa ambayo daktari wa meno hakuijua, maana nani anamwambia daktari wa meno habari za kucha za miguu? Mfamasia aliniambia nisubiri hadi wiki mbili zipite baada ya kidonge cha mwisho cha itrakonazoli. Nilikasirika sana siku ile. Jino lilingoja.

Mfamasia wa Tanga

Shemeji, hasira hiyo ilikuwa bei nafuu. Watafiti wa Finlandi walipima jambo hilohilo mwaka 1994 kwa watu wenye afya, wakakuta itrakonazoli inaongeza jumla ya triazolamu kwenye damu takriban mara 27, na ketokonazoli mara 22. Robo ya miligramu yako ingefanya kazi kama miligramu kadhaa. Kwetu triazolamu ni nadra kuiona, lakini ndugu walioko nje waikumbuke.

Mwana wa Kigoma

Na sisi tunaotumia kile kidonge kimoja cha TLD tuogope pia? Mimi nina operesheni ndogo mwezi ujao.

Mfamasia wa Tanga

TLD ni tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri, na hakuna mlinzi wa mlango humo. Kwa midazolamu hauko kwenye hatari hii, ila wataje dawa zako zote hata hivyo. Wa kuangalia ni wenye ritonaviri au kobisistati, iwe na atazanaviri, darunaviri au lopinaviri.

Muuguzi wa Zamu

Nimekubali kuhusu kuacha dawa, nafuta ushauri huo. Lakini tuwe wakweli: kipimo hakiwezi kufutwa kwa sababu ya nadharia. Na kama amelala kupita kiasi, flumazenili ipo, inamwamsha papo hapo.

Mfamasia wa Tanga

Sijasema kifutwe. Anahitaji kuonekana umio wake, kwani maumivu yaliyobaki baada ya flukonazoli yanaweza kuwa vidonda vya virusi vingine au fangasi sugu.

Flumazenili inaamsha, ndiyo, lakini nguvu yake huisha baada ya kama saa moja, wakati midazolamu kwa mgonjwa huyu bado ipo. Anaamka, anaongea, anavaa viatu, kisha anazama tena. Aliyepewa hiyo asiruhusiwe kwenda nyumbani kwa sababu tu macho yamefunguka.

Dada, ningekuwa wewe ningeomba mambo haya yajadiliwe kabla ya Alhamisi, siyo mlangoni. Kwanza, kama inawezekana kufanya kwa dawa ya kupuliza kooni peke yake, wengi huvumilia. Pili, kama lazima apewe midazolamu, aanze na miligramu 1 na wasubiri dakika kadhaa kabla ya kuongeza, kifaa cha kupima oksijeni kikiwa kidoleni na mtu akihesabu pumzi, kwa sababu akiwa amewekewa oksijeni ya ziada namba ya kidoleni huchelewa kushuka hata pumzi zikiwa zimepungua. Wasiongeze dawa ya maumivu ya fentanili bila kufikiri, nayo hupita mlango uleule. Lorazepamu, dawa nyingine ya usingizi, huvunjwa kwa njia nyingine na haiguswi na ritonaviri, ingawa huanza polepole na hukaa muda mrefu kwa asili yake, kwa hiyo si wote wanaoipenda kwa kipimo cha dakika kumi.

Binti Salehe

Nawashukuru nyote. Nimezungumza na kaka jana usiku. Amekubali daktari wa kamera aione kadi yake ya kliniki, kwa sharti kwamba aionyeshe mwenyewe, faraghani, na jina la dawa lisisomwe kwa sauti mbele ya wagonjwa wengine. Leo amekwenda. Daktari ameandika kwenye faili kwamba ataanza na dawa ya kupuliza tu, na akishindwa ataongezewa midazolamu miligramu 1 na kubaki chini ya uangalizi hadi jioni. Flukonazoli hakuizuia.

Bado sijui jambo moja. Muuguzi wa pale amesema wao huwaruhusu wagonjwa baada ya saa mbili na vitanda ni vichache, na hiyo "hadi jioni" ya daktari haina saa. Mfamasia wa Tanga, nidai abaki hadi saa ngapi?

Muuguzi wa Zamu

Hapo nijibu mimi, maana vitanda navijua. Usidai saa, dada, dai hali. Akae angalau saa moja mfululizo bila kuguswa wala kusemeshwa, kwenye sehemu tulivu, na kifaa kidoleni. Akilala mwenyewe na namba ikashuka, haondoki. Na mkiondoka, msipande bajaji, kaeni naye kwenye gari ambalo unaweza kumwona uso.

Mfamasia wa Tanga

Naunga mkono. Na usiku huo alale kwa ubavu, chumba chako.