Tupeane uzoefu: barua pepe ya kuitisha kikao cha wasomaji

Kalamu Nyeusi: Wadau, barua ya kutaja tarehe, mahali na sura iandikweje, watu wasije wamesoma sehemu tofauti?

Mratibu: Kinachovuruga zaidi ni neno "hadi". Ukiandika "someni hadi sura ya 7", wapo watakaoishia mwisho wa sura ya 6 na wapo watakaoimaliza ya 7. Kikaoni mmoja anataja kifo cha mhusika ambacho mwenzake hajakifikia, na utamu wa kitabu umemwagika. Andika "hadi mwisho wa sura ya 7", kisha nukuu maneno manne au matano yanayoifunga sura hiyo. Kila mtu ataona pa kusimama.

Jani la Arobaini: Mbona rahisi, taja ukurasa tu. Namba haibishaniwi.

Mratibu: Ni sawa kama wote mna toleo moja. Toleo likipangwa upya kwa herufi kubwa, kilichokuwa ukurasa wa 112 kinasogea mbele. Anayesoma kwenye simu naye akikuza maandishi, kurasa zinabadilika. Utaje, ila useme ni wa toleo lipi.

Bi Shungi: Msisahau saa, jamani. Ukiandika "saa 10" peke yake, kuna atakayeweka 10:00 kwenye kalenda ya simu, na hiyo ni saa 4 asubuhi. Atafika saa sita kabla ya wenzake! Andikeni zote mbili: saa 10 alasiri, 16:00. Halafu "Jumamosi ijayo" iacheni kabisa. Barua ikitoka Alhamisi, mmoja anaelewa keshokutwa, mwingine wiki inayofuata. Na "usiku wa Jumamosi" kwa wengine ni ule wa kuamkia Jumamosi.

Msomaji Mpya: Sisi bado tunagombania kitabu chenyewe. Kura ipigwe vipi?

Bi Shungi: Hilo limalizeni kwanza, mwanangu, kwa barua yake. Mkilichanganya na tarehe, watu watajibu swali moja na kuliacha lingine.

Mratibu: Kwa mfano:

Kichwa: Kikao Jumamosi 14 Machi, saa 10 alasiri (16:00): sura ya 5 hadi mwisho wa ya 7

"Tukutane maktaba, chumba cha ghorofa ya kwanza, mlango wa nyuma. Anayeshindwa kufika ajibu kabla ya Jumanne 10 Machi, saa 12 jioni (18:00)."

Kichwa kibebe tarehe, saa na sura, maana siku yenyewe watu hutafuta kichwa, hawafungui barua. Tarehe ikibadilika, tuma barua mpya yenye kichwa kipya. Ukijibu ile ya zamani, tarehe ya awali inabaki juu na mtu ataifuata.

Kalamu Nyeusi: Tarehe aamue mratibu, au watu wachague?

Mratibu: Toa mbili, zisizidi. Zikiwa tano kila mtu anajibu "yoyote".

Jani la Arobaini: Hapo sikubali. Mbili zikiwaangukia wafanyakazi wa zamu, wanakosa zote.